Muhtasari wa somo kwa mwalimu anayenishikia Darasa la Sita B

Somo: Historia ya Tanzania na Maadili
Mahali: Kilwa Kivinje, Lindi
Muda: Jumatano, saa 4:30 hadi 5:50 asubuhi (vipindi viwili mfululizo)
Wanafunzi: 58 (wasichana 31, wavulana 27)
Mada: Sababu za Vita vya Majimaji, 1905–1907
Lengo: Kila mwanafunzi aweze kutaja sababu tatu za vita kwa maneno yake mwenyewe, na kueleza maji yalifanya kazi gani.
Zana: Ramani ya Tanzania (imekunjwa nyuma ya kabati), chaki, kitabu cha kiada kimoja kwa wanafunzi watatu

Mwalimu, habari za kazi. Najua wewe ni wa Hisabati na wiki iliyopita ndiyo umeripoti kutoka Bariadi, kwa hiyo nimeandika kirefu pale unapoweza kukwama, na kifupi pengine pote. Mimi niko kwenye mafunzo Lindi mjini mpaka kesho.

Walipofikia. Kipindi kilichopita tulimaliza Hassan bin Omari Makunganya, aliyepinga utawala wa Wajerumani hapa Kilwa akanyongwa mwaka 1895. Watoto hawa wanaufahamu Mwembe Kinyonga, mti aliponyongewa, tangu wakiwa wadogo, na wengi watakuambia kwamba Makunganya alikuwa wa Majimaji. Anzia hapo. Chora mstari ubaoni, weka 1895, 1905 na 1907, kisha waulize Makunganya anakaa wapi. Wakishaona kuna miaka kumi katikati, hawachanganyi tena. Dakika kumi zinatosha.

Sababu (dakika 30). Hapa ndipo penye somo lenyewe. Darasa hili likisikia "Majimaji" linakimbilia maji: mganga, dawa, risasi kugeuka maji, kicheko, na kipindi kimekwisha. Usiyaguse maji mpaka sababu ziwe zimekaa ubaoni. Andika hivi:

1. Kilimo cha pamba cha lazima. Watu waliamriwa kulima shamba la pamba chini ya jumbe, wakaacha mashamba yao ya chakula, na malipo yalikuwa kiduchu au hayakuwepo.
2. Kodi. Ililipwa kwa fedha, na asiyekuwa nayo alipelekwa kufanya kazi za sulubu.
3. Ukatili wa maakida na askari: viboko, kufungwa, kudhalilishwa mbele ya watu.
4. Kunyang'anywa madaraka. Wazee na viongozi wa wenyeji waliwekwa chini ya maakida waliotoka nje.

Namba moja ndiyo uipe muda, na wewe utaifundisha vizuri kuliko mimi. Watoto wa hapa wanajua korosho, ufuta na minazi. Mmea wa pamba wengi wao hawajauona, kwa sababu kusini haulimwi. Wewe umetoka kwenye pamba. Waeleze palizi yake, dawa, kuchuma tumba moja moja, mgongo unavyouma, na msimu wake unavyogongana na wa chakula. Halafu uliza: "Ungeambiwa ulime hili shamba la mtu mwingine, la kwenu limeota majani, ungefanyaje?" Waache wazungumze. Atatokea mmoja aseme angeing'oa. Ndivyo walivyofanya Wamatumbi wa Nandete, Julai 1905: waliing'oa pamba, na vita vikaanzia hapo. Waonyeshe kwenye ramani milima ya Matumbi, humuhumu wilayani kwetu.

Maji (dakika 15). Sasa yaguse. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, upande wa Rufiji, aligawa maji akisema yatawakinga watu na risasi. Kuna mvulana wa dirishani atauliza, "Sasa mwalimu, mbona walikufa?" Huuliza kila mara na wenzake hucheka. Usimnyamazishe, ila usiache jibu liishie kwenye "walikuwa wajinga." Mpe swali hili: Kinjikitile alikamatwa na kunyongwa Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza, lakini viliendelea mpaka 1907. Kama watu walikuwa wanafuata maji tu, mbona hawakurudi nyumbani siku aliponyongwa? Jibu tunalolitaka ni kwamba kero zilikuwa bado zipo. Maji yaliwapa moyo na yaliwaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni na wengine ambao kabla ya hapo hawakuwa na jeshi moja wala kiongozi mmoja.

Tahadhari moja hapa. Darasa lina Wamatumbi na Wangindo, na lazima wabishane babu wa nani alianza. Huo ni utani, wala usiukemee. Ukizidi, uliza nini kiliwaweka pamoja, watarudi wenyewe.

Matokeo hatuyafundishi leo. Wakiuliza, jibu kwa kifupi: Wajerumani walichoma vijiji na mashamba, njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya vifo ni kati ya 75,000 na 300,000. Mengine waambie Jumatatu.

Zoezi (dakika 20). Kila mtu kwenye daftari lake, bila kunakili ubaoni. Futa ubao kwanza, watalalamika, futa tu.

a) Taja sababu tatu za Vita vya Majimaji na ueleze moja kwa sentensi mbili.
b) Kwa nini vita viliendelea baada ya Kinjikitile kunyongwa?
c) Muulize mzee nyumbani amesikia nini kuhusu vita hivi. Leta jibu Jumatatu. (Hili ni la nyumbani.)

Swali (b) ndilo litakaloniambia kama wameelewa. Anayeandika "kwa sababu ya maji" hajaelewa. Anayeandika kodi, pamba au viboko, kwa sentensi mbovu kiasi gani, ameelewa.

Dakika tano za mwisho ni za kukusanya madaftari.

Kuhusu darasa. Watasimama wote na kuimba "Shikamoo mwalimu". Itikia marahaba, waambie wakae, usiache waendelee kusimama maana madawati ya nyuma yana miguu mibovu na yakisukumwa yanaanguka. Wiki hii ni bamvua, kwa hiyo wavulana watatu wanne wanaweza kuchelewa kutoka pwani na suruali zimelowa. Waingize, waandike kwenye mahudhurio, mimi nitazungumza na wazazi wao. Msichana wa dawati la kwanza karibu na mlango haoni vizuri ubaoni, msomee maswali kwa sauti. Kiranja ni wa kuaminika na anajua kila kitu kilipo, ila ana tabia ya kuwajibia wenzake. Muulize wa mwisho.

Fimbo ya juu ya kabati ni ya kuonyeshea ramani tu.

Ukimaliza, jaza shajara ya somo: idadi ya waliohudhuria na mahali ulipoishia. Kama sababu hazikuisha, andika hivyo hivyo, usikimbize zoezi. Madaftari yaache ofisini kwa mwalimu wa taaluma pamoja na ufunguo wa kabati. Usisahihishe, nataka kuyasoma mwenyewe Ijumaa.

Ahsante sana.
Mwalimu wa somo, VI B