Kumbukumbu za wanyama wa nyumbani Mlandizi, Septemba hadi Novemba 2025

Baraka mwanangu,

Karatasi hizi zibaki ubavuni mwa friji, usizitoe. Mimi nakwenda Dodoma kumwuguza dada yako uzazi, nitarudi Jumapili tarehe 30 Novemba. Kila ukimaliza jambo weka alama ya vema pembeni na uandike saa. Usiniambie kwa simu "nadhani nilishawapa". Mwaka 2022 mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa kudhani. Chanjo ya mdondo ilikuwa imefika siku yake, nikasema ngoja harusi ipite. Harusi ilikuwa Jumamosi. Jumatano iliyofuata jogoo aliamka shingo imepinda, kinyesi kijani, na hadi wiki ya pili kuku 34 walibaki 3. Ukishawaona wanasinzia, chanjo haina kazi tena. Hupewa wazima.

KILA SIKU

Kuku wafunguliwe saa kumi na mbili na nusu. Asubuhi pumba za mahindi kopo mbili za Blue Band zikichanganywa na kopo moja ya mashudu ya alizeti na kiganja cha dagaa waliosagwa. Jioni kopo moja ya mtama, hiyo ni ya kuwaita kulala zaidi kuliko kushibisha. Mengine watajitafutia wenyewe. Maji ubadilishe mara mbili na chombo ukisugue, usiongeze juu ya maji ya jana.

Mbuzi wanapewa majani kwanza, pumba baadaye. Lusina iko nyuma ya choo, kata mzigo mmoja asubuhi na mwingine saa tisa. Majani ya muhogo usiwape mabichi, yaanike yanyauke kwanza, yana sumu. Wa maziwa, Sauda na Zawadi, nusu kilo ya pumba na mashudu kila mmoja wakati wa kukamua. Usione huruma ukaongeza. Mbuzi akivamia gunia la mahindi anaweza kufa usiku huohuo, kwa hiyo mlango wa stoo ufungwe kwa kufuli, ile kamba haitoshi, Sauda anaifungua kwa meno. Jiwe la chumvi likiisha, dukani lipo.

Mbwa wetu Malkia anakula mara mbili kwa sababu bado ananyonyesha: ugali na dagaa au vichwa vya samaki vilivyochemshwa, bila chumvi nyingi, bila kitunguu. Mifupa ya kuku iliyopikwa tupa kwenye shimo, inavunjika kama vijiti na kutoboa utumbo. Matumbo mabichi kutoka buchani asipewe kamwe, yana minyoo inayohamia hadi kwetu sisi. Watoto wake watatu wapewe uji mzito wenye dagaa mara nne kwa siku.

Paka Chausiku anajilisha panya, ila jioni mwekee samaki kidogo. Sungura: majani makavu, maji, basi. Ukimwona sungura anakula kinyesi chake laini alfajiri usimfukuze, ndivyo alivyoumbwa.

JUMATANO 3 SEPTEMBA. Minyoo, watoto wa mbwa na Malkia

Watoto wanatimiza wiki 6. Walishapewa dawa wakiwa na wiki 2 na wiki 4. Pima kila mmoja: weka beseni la bluu juu ya mzani wa jikoni, urudishe sifuri, kisha mtie ndani. Kidonge kimoja ni cha kilo 10, kwa hiyo mtoto wa kilo 2 na nusu anapata robo. Kata kwa wembe, usikadirie kwa kuvunja na vidole. Malkia ana kilo 20, vidonge viwili, umfichie ndani ya tonge la ugali wenye mchuzi. Watoto uwaweke nyuma kabisa ya ulimi, ufunge mdomo na kupapasa koo mpaka wameze. Yule mweusi anajifanya amemeza halafu anatema chini ya kochi.

Kesho yake unaweza kuona minyoo kama tambi kwenye kinyesi. Usiogope, ndiyo kazi ya dawa. Zoa yote, tia chooni, na watoto wa Mama Zuhura wasicheze pale uani siku mbili tatu. Mayai ya minyoo hiyo yanawaingia watoto wa watu.

Siku hiyohiyo Chausiku naye. Mfunge kwenye kitenge, kichwa tu kibaki nje, la sivyo utarudi na mikwaruzo. Dozi yake ipo kwenye bahasha yenye jina lake.

JUMAMOSI 6 SEPTEMBA. Mdondo, kuku WOTE

Hii ndiyo kubwa. Ijumaa jioni kachukue chupa ya matone dukani, uende na flaski yenye barafu. Nyumbani iwekwe kwenye friji rafu ya kati, isiingie kwenye friza. Chupa moja ni ya kuku wengi kuliko wetu, kwa hiyo nimeongea na Mama Zuhura na Mzee Kiswaga, wataleta wa kwao na kila mmoja atachangia elfu mbili. Ni bora hivyo hata kama ingekuwa bure, maana wa jirani wasipochanjwa ugonjwa unazunguka uzio tu.

Asubuhi usifungue banda. Toa mmoja mmoja. Mlaze ubavu, jicho moja likitazama juu, shika chupa wima na udondoshe tone MOJA. Ncha isiguse jicho. Subiri apepese, ndipo umwachie. Jogoo mkubwa na kifaranga dozi ni ileile, tone moja. Aliyechanjwa mpitishe mlango wa pili ili usimrudie. Mwenye kusinzia au kuharisha mweke pembeni, usimchanje, nipigie.

Chanjo ikishafunguliwa itumike siku hiyo. Kinga inahitaji kama wiki mbili kujengeka, kwa hiyo mpaka tarehe 20 usinunue kuku wala usipokee zawadi ya kuku, hata kwa mchungaji. Marudio ni Jumamosi 6 Desemba. Nitakuwa nimerudi, ila iandike kwenye kalenda, mtu hufa.

JUMATANO 17 SEPTEMBA. Chanjo ya kwanza ya watoto wa mbwa

Wiki 8. Daktari wa mifugo atakuja nyumbani kuwachoma chanjo ya parvo na homa ya mbwa. Sindano moja haitoshi, zinakuja tatu: leo, tarehe 15 Oktoba na tarehe 12 Novemba. Maziwa ya mama yanawakinga kidogo lakini pia yanaizuia chanjo isishike vizuri, ndiyo maana tunarudia hadi wafike wiki 16. Kabla ya hapo wasitoke nje ya geti, wala usiwape wageni kuwabeba. Parvo inabebwa hata na viatu. Dawa ya minyoo pia leo, uwapime upya, wameongezeka.

JUMAMOSI 20 SEPTEMBA. Vifaranga

Tetea mwekundu aliatamia tarehe 30 Agosti, siku 21 zinatimia leo. Wapewe chakula cha vifaranga, sio pumba, na maji kwenye kifuniko kifupi chenye vijiwe wasizame. Tarehe zao:

27 Septemba, mdondo, tone la jicho.
4 Oktoba, gumboro kwenye maji.
11 Oktoba, mdondo tena.
18 Oktoba, gumboro ya pili.
15 Novemba, ndui, bwana mifugo atawachoma kwenye bawa.

Kwa gumboro: tumia maji ya kisima, ya bomba yana dawa inayoua chanjo. Wanyime maji saa mbili kabla, kisha wape maji kidogo ambayo watayamaliza ndani ya saa mbili. Kwa ndui, baada ya siku kama nane angalia pale alipochoma. Panatakiwa pawe na kiuvimbe kidogo. Pasipokuwa na kitu, chanjo haikushika, mwambie arudie.

JUMAPILI 28 SEPTEMBA. Kichaa cha mbwa

Ni siku ya dunia ya kichaa cha mbwa, na mara nyingi chanjo hutolewa bure kuzunguka tarehe hii. Sikiliza tangazo la mtaa, huenda ikawa Jumamosi au Jumatatu. Malkia umfunge mnyororo mfupi na umpeleke mapema kabla mbwa wengine hawajajaa. Chausiku mtie kwenye kapu lenye kifuniko. Kadi zao zipo kwenye droo ya juu, hakikisha zinaandikwa tarehe. Yasipofanyika matangazo yoyote mpaka tarehe 5, mwite daktari, tutalipa. Watoto watachanjwa kichaa tarehe 15 Oktoba pamoja na sindano yao ya pili.

Na hili ulishike: ukiumwa au kukwaruzwa na mbwa au paka usiyemjua, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 ukiangalia saa, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usiweke majivu wala pilipili. Kichaa kikishaonyesha dalili hakina tiba.

JUMAPILI 12 OKTOBA. Minyoo ya mbuzi

Nimeichelewesha makusudi. Zawadi alipandwa tarehe 20 Agosti na dawa hii haifai mimba ikiwa changa. Sasa amevuka, na mvua za vuli zikianza minyoo inapanda na majani mateke. Dozi imeandikwa kwenye chupa kwa kalamu nyekundu mbele ya jina la kila mbuzi, ni ya daktari, usibadilishe. Bomba bila sindano, pembeni mwa mdomo, kichwa kisiinuliwe juu sana asije akapaliwa dawa ikaenda mapafuni.

Maziwa baada ya hapo tusinywe wala kuuza mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo zipite. Mama Zuhura ni mteja wetu wa kila siku, mwambie mapema, atanung'unika.

Kabla na baada, kila Jumapili ya pili, vuta kope la chini. Utando wa ndani ukiwa mwekundu ni salama. Ukiwa mweupe kama karatasi, minyoo inamnyonya damu, usingoje tarehe. Sotoka walichanjwa mwaka jana, hatudaiwi. Homa ya mapafu bwana mifugo ataleta, kaniahidi Novemba, umkumbushe.

JUMATANO 12 NOVEMBA. Sindano ya tatu ya watoto wa mbwa

Pamoja na dawa ya minyoo, kama tarehe 15 Oktoba. Wakimaliza hii, wanunuzi wawili wanaweza kuja kuchukua. Kadi ziende nao. Mweusi hauzwi.

JUMAMOSI 22 NOVEMBA. Minyoo ya kuku

Wiki mbili kabla ya mdondo, dawa ya maji, wamalize asubuhi. Mayai ya siku hizo yasiliwe kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti.

Mambo mawili ya kando. Mnyama akiugua usimpe panadoli, hasa Chausiku, paka anakufa kwa kidonge kimoja. Na dawa ya kupe na viroboto ya Malkia isimguse paka, hata Malkia akipakwa uwatenganishe siku hiyo.

Namba ya daktari na ya bwana mifugo zipo ndani ya mlango wa kabati. Fedha za chanjo zipo kwenye kopo la majani ya chai, la Africafé ni la umeme.

Shangazi yako