Daftari la Duchuku

Chama cha watoto wa avenyu yetu, Kyeshero, Goma. Wanachama 14, wa miaka 6 hadi 13. Tunakutana saa tisa na nusu, tunaachana saa kumi na moja na nusu, kabla giza halijaingia. Daftari hili linakaa kwa Usukani, kiongozi wetu. Mama wawili wa avenyu wana nakala nzima, na maneno yote ya siri wanayajua.

JINA

Duchuku ni "chukudu", ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, kwa kinyume: silabi ya mwisho inapelekwa mbele. Jina la kwanza lilikuwa Makoro, yale mawe ya volkano, likakataliwa. Ukiliita kwa sauti barabarani, watu wanadhani mnataka kurushiana mawe. Kabla ya kupokea jina lolote jipya, kila mmoja alitamke kwanza kwa lugha ya nyumbani kwao, Kinande, Kihavu, Kinyarwanda, Kilingala. Likiwa tusi hata katika lugha moja, linaondoka.

VYEO

Vyeo vyote ni sehemu za chukudu. Hapa hakuna jenerali, kolonel wala kapita, na hakuna anayepiga saluti. Mpita njia akisikia "kolonel, adui amefika" nyuma ya ukuta hatacheka, na ana haki.

Mzigo: mgeni. Anabebwa wiki mbili, yaani hatumwi kitu, na kila siku anapewa mwenzake wa kumfundisha. Mzigo hacheki peke yake wala hachekwi.

Gurudumu: karibu wote. Wanakimbia, wanatafuta, wanaleta habari.

Breki: wawili tu, na wasiwe wakubwa kuliko wote. Kwenye chukudu, breki ni kipande cha mpira nyuma ambacho mguu unakikanyaga. Kwetu Breki akisema "kanyaga", mchezo unasimama hapo hapo, hata kama timu yake inashinda. Cheo hiki mwanzoni hakuna anayekitaka. Baada ya wiki moja wanakigombania.

Usukani: mmoja, kwa wiki nne, halafu anarudi Gurudumu. Akikaa zaidi anaanza kuamrisha wadogo wamchotee maji.

MANENO YA KUINGILIA

Yanabadilika kila Jumatatu. Mlinzi anasimama mlangoni pa parseli na kuuliza, "Umebeba nini?" Neno moja lisilobadilika halifai: mdogo wa miaka 6 atalipaza, na avenyu nzima italisikia siku ya kwanza. Kwa hiyo jibu linatengenezwa pale pale.

Wiki ya 1, Ongeza moja. Mlinzi anaonyesha vidole, wewe unataja magunia pamoja na moja zaidi. Vidole vitatu: "Magunia manne." Asizidishe vidole vinne, wadogo watakwama.

Wiki ya 2, Jaza saba. Vidole vitatu, jibu ni manne. Vidole vitano, jibu ni mawili. Vidole sita, "gunia moja". Anayesikiliza ukutani akisikia "manne" anadhani ni mchezo wa wiki jana, na hapo ndipo anakamatwa. Kwa hiyo mlinzi asitumie vidole vitatu mara mbili mfululizo: kwa vitatu, wiki zote mbili zina jibu moja.

Wiki ya 3, Kinyume. Mlinzi anataja kitu, unakigeuza. Bidoni: nibido. Karanga: ngakara. Ng'ombe: mbeng'o. Mtego wa mlinzi ni "dada", "kaka", "baba". Ukizigeuza zinabaki zilivyo. Mgeni anayejifanya mjuzi atahangaika kutunga kitu kipya, na mwanachama wa kweli anajibu "dada" bila hata kufikiri.

Wiki ya 4 tunarudi ya 1, ila kwa magunia tunasema mabidoni.

Aliyesahau asifukuzwe. Anakaa pembeni anahesabu hadi 30, kisha anayemfundisha Mzigo siku hiyo anamnong'oneza.

MANENO YA NDANI

"Mvua inakuja": mkubwa anapita, punguzeni kelele.
"Bandari": nyumbani. "Bandari inaita" maana yake mama amekuita, na hapo unaondoka mara moja, hata ukiwa mlinzi.
"Mpira umetoka": mtu ameumia. Hili si siri, linapigwa kelele na yeyote kwa yeyote.

MAFICHO

Nyuma ya jiko la parseli ya kona, na chini ya mwembe. Basi. Hakuna kujificha ndani ya shimo, bonde dogo au ufa wa makoro, hata kama ni pazuri namna gani. Upande huu wa ziwa kuna mazuku: hewa nzito inayolala chini, haionekani, wala huwezi kutegemea pua yako ikuonye, na mtoto anaifikia kabla ya mtu mzima kwa kuwa kichwa chake kiko chini. Mpira ukianguka shimoni, unaita mkubwa. Ukimwona mbuzi au ndege amekufa huko, hata kukaribia usikaribie.

SIRI ISIYORUHUSIWA

Hakuna neno la Duchuku linalokataza kumwambia mama. Mtu asiyejulikana akija na neno la mlangoni na kusema "nimetumwa nikuchukue", neno hilo halimpi haki ya kukuchukua. Ni la kuingilia mchezoni tu.

Daftari likisomwa na mtoto wa avenyu nyingine, tusipigane naye. Usukani atabadilisha maneno Jumatatu inayofuata. Yeye akitaka, aingie kama Mzigo.