Barua kwa Bibi: neno Feierabend

Leipzig, 14 Novemba

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na masomo yanaendelea vizuri.

Uliniuliza kwenye simu maana ya lile neno ambalo mwenye nyumba wangu aliniambia nilipokuwa nikiongea nawe. Ni neno la Kijerumani, Feierabend, nalo hutamkwa kama “faiaabent”. Limeunganishwa kutokana na maneno mawili, sherehe na jioni, na zamani lilimaanisha mkesha wa sikukuu, wakati watu walipoacha kazi ili kujiandaa kwa ibada. Siku hizi ni ile saa mtu anapomaliza kazi yake ya siku, pamoja na muda wote wa mapumziko unaofuata, hata ikiwa ni Jumanne ya kawaida isiyo na sherehe yoyote.

Kwenye duka la mikate ninakofanya kibarua, anayeondoka huagwa kwa kutakiwa Feierabend njema, na baada ya hapo hakuna anayemrudisha kwenye kazi. Sheria ya Ujerumani nayo inataka mfanyakazi apumzike angalau saa 11 mfululizo kabla ya kuanza kazi tena, ingawa zipo kazi chache, kama za hospitali, zenye nafuu yake.

Nilipolielewa nilikukumbuka wewe, Bibi, unavyokunja ukili wako adhana ya magharibi inaposikika, ukaketi barazani na kahawa, wala hugusi tena mkeka hadi asubuhi. Nakuombea uendelee hivyo hivyo.

Mjukuu wako akupendaye,
Zuhura