Moja mpaka Mbili

Ijumaa ya kwanza pale Darajani, Khamis alitandika mkeka, akapanga vitabu 23 vya skuli vilivyotumika na kuandika bei tu kwenye karatasi. Hadi saa sita, alikuwa ameuza viwili.

Mama mmoja alikinyanyua kitabu cha Hesabati. "Mwanangu, hapa pameandikwa 1–2. Cha pili kiko wapi?"

"Hakuna cha pili, mama. Ni Kidato cha Kwanza na cha Pili, vyote humo."

"Kumbe! Mimi nikajua unaniuzia nusu."

Akakinunua kwa 5,000. Khamis akajiuliza ni wangapi walioondoka kimya wakidhani vivyo hivyo.

Msichana wa skuli akauliza kama cha Fizikia "kimetimia". Khamis akasema ndiyo, maana jalada lilikuwa zima. Msichana akafunua: kutoka ukurasa wa 64 akaingia 81. Kurasa 16 kamili, fungu zima lililoshonwa pamoja. Uzi ukikatika huchomoka lote, na nje huoni kitu.

Usiku ule alikagua nambari za kurasa, kitabu kwa kitabu. Majibu ya penseli aliyafuta. Ya wino aliyaacha, kwani ukisugua karatasi inatoboka. Kisha akachomeka kikaratasi ndani ya kila kimoja. Kimojawapo kiliandikwa: "Vidato viwili, kitabu kimoja. Toleo la 2. Kurasa zote zipo. Majibu nyuma. 5,000, hapunguzwi mtu."

Hilo la mwisho hakuna aliyelisadiki.