Shukrani kwa oda ya tani 60 za mchele, na pendekezo la utaratibu wa mteja wa kudumu

Ubaruku, Mbarali
14 Julai 2025

Kwa Mama Salma,
Duka la jumla la nafaka,
Tandale, Dar es Salaam

Mama Salma, shikamoo.

Dereva wa semi ya pili amerudi juzi jioni na hati ya mapokezi yenye sahihi yako. Viroba 1,600 vya Supa vya kilo 25 vimefika vyote, na magunia 400 ya SARO ya kilo 50 yamefika yote. Salio la shilingi milioni 70 lilikwishaingia benki kabla gari halijavuka Mikumi kurudi huku. Kwa hiyo kwa upande wa hesabu oda yako imefungwa, na risiti ya EFD kijana wako anayo. Barua hii ni ya jambo jingine: kukushukuru, na kukueleza namna ambavyo tungependa tuendelee na wewe.

Mteja mgeni anapokuja kwenye kinu chetu huanza na tani 3, pengine 5. Anajaribu, na ndivyo inavyopasa, maana mchele ni mali inayoharibu jina la muuzaji haraka. Wewe ulimtuma kijana wako achukue sampuli, ukaipika mwenyewe nyumbani, ukauliza maswali yako kwa simu jioni moja, kisha ukatuma nusu ya fedha ya semi mbili. Shilingi milioni 70 kwa watu ambao hujawahi kuonana nao uso kwa uso. Tumeliona hilo, na tunakushukuru kwa moyo wote, mimi na wenzangu wote wa kinuni: fundi wa mashine, akina mama wa kuchambua, na vijana wa kupakia.

Nikueleze fedha yako ya awali ilifanya kazi gani huku, maana ndiyo asili ya pendekezo langu. Mpunga wa Usangu ukikobolewa vizuri hutoa mchele kama kilo 65 katika kila kilo 100. Tani zako 60 zilihitaji mpunga wa tani 92 hivi. Msimu wa mavuno mkulima anahitaji fedha mkononi: kuna wavunaji wa kulipa, kuna mkopo wa mbolea, na shule zinafunguliwa mwezi huu. Kinu kisicho na fedha taslimu hununua mpunga uliobaki baada ya wengine kuchagua. Safari hii sisi ndio tuliochagua. Tulikataa mizigo iliyochanganywa mbegu, tukakataa iliyoanikwa haraka juani hadi punje zikapasuka, maana punje iliyopasuka ndani ya ganda lazima itoke chenga mashineni hata ukiwa na fundi bora kiasi gani. Mchele mrefu, mzima, uliousifia kwa simu ulianzia hapo, kwenye uhakika wa kwamba mnunuzi yupo.

Ndiyo sababu mteja anayerudi ana thamani kubwa kwetu kuliko tani anazobeba. Tukijua kwamba Mama Salma atachukua tena mwezi wa 9 na tena kabla ya Krismasi, tunanunua mpunga mzuri mapema, tunauweka stoo ukiwa na ganda lake, na tunasubiri semi zinazorudi Dar kutoka Tunduma zikiwa tupu, ambazo nauli yake ni nafuu kuliko ya gari la kukodi kwa haraka. Faida hiyo ipo. Naona si haki ibaki yote kinuni wakati wewe ndiye unayeileta.

Pendekezo letu ni hili. Tutahesabu tani zako zote kwa msimu mmoja, kuanzia Juni 2025 hadi mwisho wa Mei 2026, Supa na SARO kwa pamoja. Tani 60 za mwanzo zinahesabiwa tayari. Kuanzia oda yako inayofuata, utapunguziwa shilingi 30 kwa kila kilo kutoka bei ya kinuni ya siku hiyo. Jumla yako ikifika tani 120, punguzo la oda zinazofuata linakuwa shilingi 50 kwa kilo. Ikifika tani 200, linakuwa shilingi 70, na linabaki hapo hadi msimu uishe. Kwa mfano ukichukua semi moja ya tani 30 mwezi wa 9, punguzo lako ni shilingi 900,000. Semi hiyohiyo ukiichukua baada ya kuvuka tani 120 ni shilingi 1,500,000.

Punguzo hilo litakatwa kwenye ankara ya oda yenyewe. Najua wapo wanaokusanya kitu cha mteja hadi mwisho wa mwaka ndipo wamkabidhi, na kwenye karatasi inapendeza. Lakini fedha ya mfanyabiashara wa Tandale inazunguka kila wiki, na milioni moja iliyomo kwenye mzunguko wako Septemba ina kazi kubwa kuliko milioni moja utakayoahidiwa Mei. Bora uipate mzigo unapopakiwa.

Kuhusu malipo, oda hii ilikwenda kwa nusu ya awali na nusu baada ya kupokea. Oda ya pili tunaomba asilimia 30 tu ya awali, na iliyobaki ukishapokea na kuhesabu. Kuanzia oda ya tatu, kama mbili za mwanzo zimelipwa kwa wakati, theluthi moja ya thamani ya mzigo unaweza kuilipa ndani ya siku 14 baada ya kupokea. Sikuahidi mkopo wa mzigo mzima, na nisingependa kukuahidi. Wakulima tunawalipa taslimu, na mkopo mkubwa ungetulazimisha tuwacheleweshe wao au tukuongezee wewe bei kimyakimya. Ikitokea malipo yamepita siku hizo 14, oda inayofuata itarudi kwenye nusu kwa nusu, lakini punguzo la kilo halitaguswa.

Jambo ninaloliona kubwa kuliko punguzo ni akiba ya Supa. Wewe uliniuliza mwenyewe: mwezi wa 2 na wa 3, mchele unapoadimika na bei inapanda, utaupata wapi Supa usiochanganywa? Wateja wako wa pilau na biriani wanajua mchele mpya hushikana sufuriani, na uliokaa miezi kadhaa hunywa maji zaidi na kuchambuka. Tena Supa iliyokwisha kobolewa ikikaa muda mrefu hupoteza harufu. Kwa hiyo tunakusudia kukuwekea mpunga wa Supa wa kutosha kutoa tani 40 za mchele, ukiwa na ganda, kwenye stoo yetu, ukikaushwa hadi unyevu usiozidi asilimia 14, na kila rundo likiandikwa jina lako. Tutaukoboa siku unapoagiza, si kabla. Bei yake tutakubaliana mwezi wa 10, kabla soko halijapanda, na haitabadilika hadi mwisho wa Machi. Ili tuuweke tunahitaji dhamana ya shilingi milioni 10, ambayo itakatwa kwenye ankara utakapochukua mzigo. Ukiamua kutochukua wote, utuambie kabla ya tarehe 15 Februari tuuze sehemu iliyobaki, na dhamana ya sehemu hiyo tutakurudishia. Ukinyamaza hadi Machi ipite, dhamana ya sehemu ambayo hukuchukua itabaki kwetu kufidia gharama ya stoo.

Kwenye ubora, yale tuliyoahidi oda ya kwanza yanaendelea na sasa tunayaandika. Supa ya daraja la kwanza haitazidi chenga asilimia 5. Kila mzigo utakuja na sampuli mbili zilizofungwa na kusainiwa kabla ya gari kuondoka, moja ya kwako na moja ya kwetu, ili kukitokea ubishi tusibishane kwa maneno. Ukikuta mchele haulingani na sampuli, tupigie ndani ya siku 3 baada ya kushusha, na tutakubadilishia au kukurudishia tofauti ya bei, chaguo ni lako. Nauli ya kurudisha mzigo mbovu ni yetu. Uzito nao ni ule ulioandikwa: kiroba cha kilo 25 kina kilo 25 za mchele bila kuhesabu mfuko. Lumbesa hatupimi mkulima, na wewe hatukuuzii pungufu.

Kuna mambo machache ambayo utaratibu huu hauwezi kuyafanya, na ni vizuri uyajue mapema. Bei ya kinuni hupanda na kushuka na soko. Tunachokuhakikishia ni kwamba punguzo lako litakatwa kwenye bei ileile anayopewa mteja mwingine yeyote siku hiyo, na nitakutumia bei hiyo kila Jumatatu asubuhi. Oda ndogo kuliko tani 10 itahesabiwa kwenye jumla yako, ila nauli yake utaibeba kamili, kwa sababu gari lisilojaa hatuna namna ya kulipunguzia. Na hatukufungi. Ukitaka mchele wa Kyela, au wa Kahama, nunua kwa amani. Duka la jumla linahitaji aina nyingi, na punguzo lako hapa halipungui hata kidogo kwa ajili hiyo.

Ukiyakubali haya, si lazima uje huku, ingawa tungefurahi sana kukupokea na kukuonyesha mashamba maji yakiwa bado kwenye mifereji. Nimeambatanisha nakala mbili za makubaliano, kurasa mbili tu, kwa Kiswahili. Saini zote, ubaki na moja, nyingine mpe dereva wetu atakayepita Tandale Jumamosi ijayo. Kama kuna kipengele ungependa kibadilishwe, hasa siku za malipo au dhamana ya akiba, kizungushie kalamu na unipigie kabla ya kusaini. Hivyo viwili nina ruhusa ya kuvizungumza nawe moja kwa moja.

Mpunga wa akiba nimekwisha uzuia kwa jina lako hadi tarehe 31 Julai. Baada ya hapo nitahitaji jibu lako, kwa sababu wakulima wa upande wa juu wanamaliza kuvuna mwishoni mwa mwezi, na stoo itakuwa inajaa.

Msalimie sana Salma na vijana wote wa dukani.

Wako katika kazi,

Ezekia (Baba Upendo)
Msimamizi wa mauzo, kinu cha mpunga, Ubaruku