Notsi za tumbo la wanaocheua (ng'ombe, mbuzi, kondoo)

Tumbo ni moja ila lina vyumba 4, msiandike matumbo manne kwenye mtihani. Rumeni ndo kubwa kuliko vyote, iko upande wa kushoto, ndani ina vinyweleo vya kufyonza. Humo hamna enzaimu za mnyama mwenyewe, kazi yote ni ya bakteria, protozoa na fangasi, wanavunja selulosi bila oksijeni wanatoa asidi tete: asetiki, propioniki, butiriki, na hizi ndo nishati kuu ya ng'ombe, propioniki inaenda ini inageuzwa glukosi. Gesi (kaboni dayoksaidi na methani) lazima zitoke kwa kubeua, zikikwama ubavu wa kushoto unavimba na mnyama anaweza kufa fasta.

Akila nafaka nyingi ghafla asidi ya laktiki inapanda, pH inashuka chini ya 5.5, hapo bakteria wa selulosi wanakufa.

Retikulamu ina vyumba kama sega la nyuki, misumari na waya vinanasa humu, na kwa kuwa moyo uko mbele tu ya kiwambo, waya ukitoboa unaweza kuufikia. Omasamu: kurasa kurasa, inafyonza maji, basi.

Abomasamu ndo chumba chenye asidi na pepsini kama tumbo letu, inameng'enya hadi bakteria waliotoka rumeni, protini ya bure kabisa hiyo. Kwa ndama anayenyonya mfereji wa retikulamu unajikunja, maziwa yanapita moja kwa moja mpaka huku bila kuchachia rumeni.