Sala ya Kupatana, Kihambani kwa Mama

Ee Mungu Baba, Mungu wa wazee wetu, tumesimama mbele zako hapa kihambani, kati ya migomba na kaburi la baba. Imepita miaka 3 tangu sisi wanne tusimame pamoja hivi, na siku ile tulikuwa tunamzika. Maua hayajanyauka, tukaanza kuulizana nani anachukua nini.

Bwana, kihamba chenyewe hakifiki ekari 1. Unakijua, ndiwe unayekinyeshea. Kwa hicho tumefikishana Mahakama ya Mwanzo, tumeitana wezi watoto wakisikia, na Krismasi 2 mama amekula na jirani huku wanawe wote wazima.

Tunatubu. Kaka yetu mkubwa anatubu kwa kung'oa masale ya mpakani usiku na kuyapanda upya hatua 4 ndani ya sehemu ya mdogo wake. Kitinda mimba wetu anatubu kwa panga alilolishika asubuhi yake, na kwa mibuni ya baba aliyoifyeka kwa hasira, ile ile iliyotulipia ada. Nami ninayeomba natubu. Nilikaa Arusha nikipiga simu, huyu namwambia hili, yule namwambia lile, moyoni nikisubiri wachoke nipate changu. Dada yetu mdogo alinyamaza tu, lakini ameomba naye atajwe.

Na sisi mabinti, Bwana, tulipoambiwa "ninyi mmeolewa, kwenu ni kule," ilituchoma. Jana kikao cha ukoo kimetupa kipande cha juu ya mfereji. Tusaidie tukipokee bila kufukua ya nyuma, na kaka zetu wakiachie bila kinyongo.

Ulimwona Esau akimkimbilia Yakobo na kumwangukia shingoni, naye ndiye aliyekuwa amedhulumiwa. Sisi mbio hizo hatuna. Tujalie hata hatua moja. Kaka ameshika jani la sale mkononi, amelifunga fundo kama tulivyoonyeshwa na baba. Anayeletewa sale hakatai, ndivyo tulivyolelewa. Lakini mkono waweza kupokea na moyo ukagoma, Bwana, na huko moyoni sisi hatufiki. Fika Wewe.

Mpe mama usingizi. Alikuwa anaamka usiku kusikiliza kama kuna mtu anakata kitu shambani.

Ukitujia tena ulimi wa kesi, utuzibe midomo. Akifa mwingine wetu, tuzike kwanza, tulie kwanza.

Bariki mtori ulio jikoni. Leo umepikwa katika sufuria moja. Na uwatazame watoto wetu pale ukutani, wa huku wamesimama huku, wa kule wamesimama kule, wanatuangalia usoni wajue kama wanaruhusiwa kucheza.

Tunaomba haya kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.